Wavulana Wako Wapi? Barua ya Wazi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha

Waheshimiwa Waganga Wakuu,
Pamoja nanyi nyote mnaoamua dawa gani iingie ghalani na kipimo gani kifanyike katika hospitali zetu,

YAH: WATOTO WACHANGA WANAOPOTEZA CHUMVI

Mimi ni mkunga mstaafu, nakaa Moshi Vijijini. Nimezalisha kwa miaka 31, na waliopita mikononi mwangu baadhi yao leo ni wazazi. Ila siandiki kwa sababu ya utumishi huo. Naandika kama bibi wa watoto wawili wenye ugonjwa mmoja wa kurithi, ambao madaktari huuita congenital adrenal hyperplasia. Wa kwanza tulimzika akiwa na siku 16. Wa pili yuko uani hivi sasa, anafukuza kuku.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 3.2. Alilia mara moja, akanyonya kabla hata mama yake hajaoga. Nilimkagua mwenyewe, nikakuta kila kitu mahali pake, korodani mbili zimeshuka vizuri. Kitu kimoja tu kiliniingia jichoni: mfuko wa korodani ulikuwa mweusi kuliko mwili mzima. Nikamwambia mkwe wangu, akacheka, akasema mtoto kachukua rangi ya babu yake. Nami nikacheka.

Siku ya 7 alikuwa kilo 3.1. Hilo halikunishtua, maana watoto hupungua siku za mwanzo, halafu huwa wamerudia uzito wao wa kuzaliwa wanapotimiza wiki mbili. Siku ya 12 alikuwa kilo 2.9. Sasa alikuwa anatapika, ananyonya kwa pupa kisha anaachia ziwa na kulala. Siku ya 14 tulimpeleka kwa waganga. Sitataja ni wapi, kwa sababu lililotokea pale lingetokea karibu popote. Wakampima malaria, hakuna. Wakamwanzishia sindano za ampisilini na jentamaisini, kama ilivyo desturi kwa mtoto mchanga anayedhaniwa ana uambukizo wa damu. Sina ugomvi na sindano zile. Ningekuwa zamu, ningemchoma mimi mwenyewe. Ila hakuna aliyetoa damu ya kupima sodiamu na potasiamu, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni ya kitanda sikuomba. Alfajiri ya siku ya 16 mikono yake ikawa baridi, mapigo yakapotea. Kwenye karatasi waliandika uambukizo wa damu.

Mtoto yule hakuwa na uambukizo. Nalijua hilo kwa sababu ya dada yake.

Alizaliwa miaka miwili baadaye, usiku, katika hospitali nyingine. Mkunga alimwinua, akatazama, akatangaza: mvulana. Ndugu wakaanza kupiga simu. Nilipomshika nikaona uume mdogo uliopinda kwa chini, na chini yake mikunjo ya ngozi iliyoungana kama mfuko. Nikapitisha vidole taratibu kuanzia kwenye kinena hadi kwenye mfuko, pande zote mbili. Mfuko ulikuwa mtupu. Tena ulikuwa mweusi, weusi ule ule niliouona miaka miwili kabla. Nikamwambia yule mkunga, "Mwanangu, kwenye kadi usiandike kitu bado." Akaniangalia kama bibi aliyechanganyikiwa kwa furaha.

Tulipewa rufaa. Picha ya ultrasaundi ilionyesha mji wa mimba. Alikuwa msichana, mwenye kizazi kizima ndani, ambaye homoni za kiume zilimfinyanga kwa nje tangu akiwa tumboni. Kile nilichokiona kama uume kilikuwa kinembe kilichokuzwa. Siku ya 9 alianza kutapika. Safari hii damu ilipimwa: sodiamu 121, ambayo haipaswi kushuka chini ya 135, na potasiamu 7.4, kiasi ambacho kinaweza kusimamisha moyo wa mtu mzima.

Nyinyi ni madaktari na mnaujua ugonjwa huu, lakini barua hii itasomwa pia na wazazi, kwa hiyo niruhusuni niueleze kwa namna ambayo sisi wa mlimani tunaielewa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, tezi ya adreno. Ifikirie kama shamba linalomwagiliwa na mfongo mmoja wenye vijito vitatu. Kijito cha kwanza hutengeneza aldosteroni, homoni inayoiambia figo isimwage chumvi kwenye mkojo. Cha pili hutengeneza kotisoli, inayoshikilia sukari na mapigo ya damu mwili unapokuwa kwenye dhiki. Cha tatu ni homoni za kiume, ambazo hata wanawake tunazo kidogo. Ili maji yapite kwenye vijito viwili vya kwanza kunahitajika kimeng'enya kimoja, wataalamu wanakiita 21-haidroksilesi. Mtoto aliyezaliwa bila hicho, vijito hivyo viwili vimezibwa. Ubongo ukiona kotisoli haifiki, unafungulia mfongo zaidi, unapiga kelele tezi ifanye kazi, na maji yote yanafurika kwenye kijito cha tatu. Tezi inavimba kwa kazi hiyo. Homoni inayopiga kelele hizo ndiyo pia hutia ngozi weusi, hasa sehemu za siri. Weusi tuliousingizia babu.

Sasa tazameni jinsi ugonjwa huu unavyowagawa watoto. Msichana anazaliwa na alama inayoonekana kwa macho. Inamtia aibu mama, majirani wanasema maneno, lakini alama hiyo hiyo inaweza kumwokoa, kwa sababu mtu atauliza. Mvulana anazaliwa sawasawa kabisa. Homoni za kiume zilizozidi hazina cha kubadilisha kwake kinachoonekana siku ya kwanza. Anakwenda nyumbani, na kati ya wiki ya kwanza na ya nne chumvi inakwisha.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, na kwa wazazi ambao wote wawili wamebeba kasoro hiyo bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Jeni yake haiko kwenye kromosomu za jinsia, hivyo wavulana na wasichana huzaliwa nao kwa idadi sawa. Basi naomba jambo moja la kwanza, ambalo halina gharama: fungueni madaftari ya kliniki za watoto katika mikoa yenu, mhesabu wanaotibiwa ugonjwa huu, mtenganishe wavulana na wasichana. Mkikuta wasichana ni wengi mno kuliko wavulana, msiseme ugonjwa huu unapenda wasichana. Ulizeni wavulana wako wapi. Mimi wangu najua alipo, nimepanda ua juu yake.

Nimeambiwa na afisa mmoja, tena kwa upole, kwamba huu ni ugonjwa adimu na serikali ina mambo mengi. Haya, tupige hesabu. Katika nchi zinazopima watoto wote kwa tone la damu ya kisigino, huonekana takriban mtoto mmoja katika kila watoto elfu kumi hadi elfu ishirini. Tanzania huzaliwa watoto wapatao milioni mbili kwa mwaka. Ikiwa sisi hatuko tofauti sana na wengine, hao ni watoto mia moja hadi mia mbili kila mwaka, na watatu kati ya kila wanne ni wa aina hii inayopoteza chumvi. Kwa nchi kubwa, sawa, ni wachache. Lakini si wachache hivyo hadi mkunga apite miaka 31 kazini bila kumwona hata mmoja. Mimi nilidhani sijawahi kuwaona. Leo naamini nimewaona, nikawaandikia jina lingine.

Siwaombi mashine ya kupima kisigino cha kila mtoto. Ningefurahi ikija, ila najua bajeti. Naomba mambo mengine matatu ambayo tayari yana mahali pa kuanzia.

La kwanza ni vidole. Kila mkunga kabla ya kutangaza jinsia ashike korodani. Akiona umbo la kiume lakini korodani hazishikiki hata moja, asiseme mvulana wala msichana. Aseme "mtoto wako mzima, kuna kipimo kimoja tunasubiri," na mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani na kutoweka. Inachukua nusu dakika. Najua kusubiri ni kugumu, sisi kwetu jina la mtoto linatoka kwa babu au bibi na watu wamekaa wanalisubiri. Mwanangu alikaa siku tisa akiwajibu ndugu "mtoto hajambo" bila kusema wa kike au wa kiume, na shemeji zake wawili hadi leo hawajamsamehe. Lakini afadhali siku tisa za ukimya kuliko kumwita mtoto jina moja kanisani na lingine shuleni.

La pili ni kipimo cha chumvi. Mtoto yeyote wa wiki moja hadi nne anayetapika, asiyeongezeka uzito na anayelegea, apimwe sodiamu, potasiamu na sukari siku ile ile anayopokelewa, hata kama tayari ameanzishiwa antibaiotiki. Mvulana mara nyingi hana alama nyingine ya wazi. Sodiamu ikiwa chini na potasiamu ikiwa juu kwa pamoja, ugonjwa huu ndio wa kwanza kushukiwa. Madaktari wenu wa upasuaji watawaambia kuna ugonjwa mwingine wa umri huo huo, mlango wa chini wa tumbo unapobana na mtoto akatapika kwa kurusha. Ni kweli, lakini yule potasiamu yake kwa kawaida hushuka. Nambari moja tu inawatenganisha, na bila nambari hiyo mmoja anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji na kumbe alihitaji sindano.

Na sindano isisubiri uthibitisho. Kipimo chenyewe cha ugonjwa, kile cha 17-haidroksiprojesteroni, sampuli ya mjukuu wangu ilisafirishwa na majibu yakachukua wiki tatu. Daktari aliyempokea, kijana mdogo, Mungu amzidishie, alitoa damu ya kipimo hicho akaiweka kando, kisha akatibu bila kungoja. Mtoto alikuwa na kilo 2.8. Alipewa dripu ya chumvi ya kawaida, ile ya asilimia 0.9, mililita 20 kwa kila kilo, yaani mililita 56, akaangaliwa, akarudiwa. Alipewa glukosi kwa sababu sukari nayo ilikuwa imeshuka. Na alichomwa haidrokotisoni miligramu 25. Nesi alikuwa ameshatundika dripu ya Ringa, daktari akaishusha, kwa kuwa ndani yake mna potasiamu na huyu alikuwa nayo tele. Usiku ule ule alilia kwa sauti. Kwa wiki moja nilikuwa sijasikia sauti hiyo, na niliketi kwenye benchi la korido nikalia na mimi.

La tatu ndilo linalonifanya niandike leo. Ni dawa.

Mtoto huyu anaishi kwa vitu vitatu. Haidrokotisoni ya kumeza mara tatu kwa siku, badala ya kotisoli. Fludrokotisoni kidonge kimoja cha miligramu 0.1, badala ya aldosteroni. Na alipokuwa mchanga, chumvi ya mezani gramu moja kwa siku, ambayo mfamasia aliipima kwenye mizani yake, tukaigawa kwenye milo, kwa kuwa maziwa ya mama hayana chumvi ya kutosha mtoto anayeimwaga kiasi hicho. Haidrokotisoni yake ya siku nzima ilikuwa miligramu tatu tu. Kidonge kinachopatikana ni cha 10. Tulifundishwa kukisaga hadi kiwe unga, kukikoroga katika mililita 10 za maji, kutikisa vizuri kwa sababu unga unatuama chini, kuvuta mililita moja kwa bomba la sindano, na kumwaga kilichobaki. Mara tatu kwa siku. Vidonge vitatu vinasagwa ili mtoto apate chini ya theluthi moja ya kimoja. Hata hivyo hicho kilikuwa kinapatikana.

Fludrokotisoni haikupatikana. Tulizunguka maduka ya dawa ya Moshi mjini, tukaenda Arusha, wengi hata jina hawakulijua. Mwisho mwanangu alipanda basi hadi Namanga na kuvuka hadi Nairobi, akarudi na kopo moja. Kopo la pili lilichelewa siku 11. Tulimwongezea chumvi kama tulivyoelekezwa, lakini alipoteza gramu 300 na tukarudi wodini.

Katika siku hizo hizo haidrokotisoni nayo iliisha dukani, na muuzaji mmoja akampa mkwe wangu prednisoloni ya miligramu 5, akisema "ni ukoo mmoja, mama." Ukoo mmoja ni kweli. Lakini prednisoloni miligramu 5 ina nguvu ya haidrokotisoni 20 au zaidi. Kidonge kimoja kingekuwa dozi ya karibu wiki nzima kwa mtoto yule, tena dawa hiyo kwa mtoto anayekua inadumaza urefu kuliko haidrokotisoni. Deksamethasoni ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haishiki chumvi hata kidogo. Mtoto anaweza kuimeza kila siku na bado akafa kwa kukosa chumvi huku familia ikiamini yuko kwenye dawa. Nilikitoa kidonge kile mkononi mwa mkwe wangu nikakitupa. Wangapi nyumbani kwao hakuna mkunga?

Dozi ikiwa ndogo mno, homoni za kiume zinarudi kufurika: mtoto anaota nywele za siri akiwa na miaka minne, anarefuka kuliko wenzake, watu wanasifu kwamba anakula vizuri. Mifupa inakomaa mapema na kufunga, na yule aliyekuwa mrefu darasa la kwanza anabaki mfupi maisha yake yote. Dozi ikiwa kubwa mno, anavimba uso na kudumaa. Njia ya katikati ni nyembamba, na haipitiki kwa dawa ya kubahatisha leo hii kesho ile.

Haidrokotisoni na fludrokotisoni zote mbili zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa watoto. Si dawa za anasa wala si mpya, madaktari wamekuwa wakiwatibu watoto hawa kwa kotisoni tangu mwaka 1950. Ninachoomba ni kwamba kila mkoa ujue una watoto wangapi, uagize kwa ajili yao kwa jina na kwa idadi, na akiba ya miezi mitatu ikae hospitali ya mkoa badala ya kukaa kwenye begi la baba anayerudi Nairobi.

Na vichupa vya haidrokotisoni ya sindano vya miligramu 100 vifike hadi zahanati. Mtoto huyu akipata homa tunamzidishia dozi ya kumeza mara tatu. Akitapika, kidonge hakina maana tena, inabidi achomwe. Nyumbani kwangu nina kichupa kimoja. Kinayeyushwa kwa mililita mbili za maji ya sindano, navuta mililita moja, hiyo ni miligramu 50 kwa umri wake wa sasa, namchoma pajani, ndipo tunatafuta bodaboda ya kwenda hospitali. Nimefanya hivyo mara mbili, ya mwisho ikiwa usiku wa mvua za masika, barabara ya kwetu imekatika. Mara moja nilifika zahanati nikiwa na karatasi ya daktari inayoeleza yote haya, nikaambiwa nisubiri mtoto apimwe malaria kwanza. Sikusubiri. Nilimchoma pale pale kwenye benchi, na nikatukanwa.

Mengine mtayajua nyinyi. Kuna madaktari wa watoto waliosomea homoni, wengine kupitia kituo cha mafunzo kilichoanza Nairobi mwaka 2008, ulizeni walipo na muwaite wawafundishe wakunga wenu nusu siku. Na suala la kumfanyia msichana upasuaji wa sehemu za siri lisiamuliwe kwa haraka na shangazi wenye aibu. Hilo lina barua yake, na siku moja mwenye mwili atataka kuulizwa.

Ana miaka mitatu na miezi minne sasa. Anaitwa jina langu. Anapenda kulamba chumvi, anaiba kwenye kikopo changu cha jikoni, na ni mimi peke yangu nyumbani humu ninayemwachia. Leo Jumatatu asubuhi nimemwaga kopo la fludrokotisoni mezani nikahesabu. Vimebaki vidonge 19.

Wenu katika kazi,
Bibi, mkunga mstaafu
Moshi Vijijini